Kirusi "hakionekani", nami nikaacha vidonge

Juzi usiku nilipokea ujumbe ambao nusura niujibu kwa kufoka. "Shikamoo dada. Nina homa ya ini B, huu mwaka wa tatu natumia tenofovir. Majibu yametoka, kirusi hakionekani. Vidonge nimeviacha wiki ya tano sasa na najisikia vizuri kuliko zamani. Nilitaka kukushukuru tu, makala zako zilinipa moyo."

Nilimpa moyo wa kuacha dawa, mimi! Nikakaa na simu mkononi muda mrefu. Sikufoka, kwa sababu maneno yale niliwahi kuyasema mwenyewe, karibu yaleyale. Marahaba, kaka yangu. Nimeshakujibu faraghani, lakini najua hauko peke yako, kwa hiyo nasimulia hapa pia.

Mimi nilikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Kidonge kimoja cha tenofovir, miligramu 300, kila usiku, miaka miwili na miezi minne bila kuruka. Siku ya majibu niliishika ile karatasi kama cheti cha kuhitimu. ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zinapoumia, ilikuwa 22, na mwanzoni mwa matibabu ilikuwa 140. HBV DNA, yaani wingi wa kirusi kwenye damu, haikuonekana kabisa. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja mfupi wa HBsAg, umeandikwa "positive". Macho yangu yaliupitia huo mstari bila kusimama. Nilikuwa nimeshaona nilichotaka kuona.

Ule mstari ndio ulioniambia kwamba sijapona. HBsAg ni ganda la kirusi, na likiwepo kwenye damu maana yake kiwanda bado kipo kwenye ini. Tenofovir haikibomoi kiwanda hicho. Inachofanya ni kukwamisha mashine ya kunakili, basi. Ndani ya kiini cha seli ya ini kirusi huwa kimeacha nakala yake mama, na kidonge hakiifikii. Nakala hiyo inaweza kukaa humo miaka mingi, kimya. Siku unapoacha kidonge, mashine inafunguka.

Niliacha bila kumwambia mtu. Nilichoka na ule mkebe kando ya kitanda, nilichoka kuuficha wageni wakija. Na nisiwe mnafiki: kliniki palikuwa na mhudumu mmoja aliyekuwa akiniita kwa jina la ugonjwa mbele ya foleni nzima, na sikutaka kumwona tena. Hilo bado linaniuma. Ila ini lililolipa ni langu, si lake.

Wiki ya kwanza hadi ya nane sikusikia kitu. Nilinenepa kidogo, nikacheka, nikajiona mjanja. Hapo ndipo penye mtego, kaka, na ndiyo maana "najisikia vizuri" yako ilinitia baridi. Kirusi kinaporudi hakiumi. Chenyewe hakiziui sana seli za ini. Kinaongezeka humo hadi kufika mamilioni, na wewe unalala usingizi mnono. Maumivu yanakuja pale kinga ya mwili inaposhtuka na kuanza kuzishambulia seli zote zenye kirusi kwa mpigo. Kwa hiyo HBV DNA hupanda kwanza, ALT hufuata wiki kadhaa baadaye, na dalili huja mwisho, kama zikija. Anayesubiri dalili amechelewa hatua mbili. Kwa wanaoacha tenofovir kirusi mara nyingi hurudi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Kwa wanaoacha entekavir hukawia zaidi, mara nyingi hupita nusu mwaka, na hao ndio hudanganyika vizuri zaidi.

Wiki ya kumi nilianza kuchoka, uchovu wa kushindwa kumaliza kufua shati moja. Chakula kikanichefua. Asubuhi moja ya wiki ya kumi na moja mkojo ulitoka na rangi ya chai iliyokolea, na nilipojitazama kwenye kioo weupe wa macho ulikuwa njano.

Majibu: ALT 1,186. Bilirubini, ile inayotia macho unjano, zaidi ya mara nne ya kiwango cha juu. HBV DNA milioni 38. Daktari hakukaa sana kwenye ALT, alikazia INR, kipimo cha kuganda kwa damu, iliyokuwa 1.7 badala ya kama 1. Alinieleza kwamba ALT inaonyesha seli ngapi zinavunjika, lakini INR inaonyesha kama zilizobaki bado zinafanya kazi. Kisha akawa ananiuliza leo ni siku gani, kila asubuhi, na kunitaka ninyooshe mikono aone kama inatetemeka. Nilidhani ananitania. Alikuwa anatafuta dalili za ubongo kuchanganyikiwa kwa sababu ini limeshindwa, na mtu akifikia hapo anaweza kufa au kuhitaji ini la mtu mwingine. Walinirudishia tenofovir siku ileile. INR ilitulia baada ya siku tisa. ALT ilichukua karibu miezi minne kurudi chini ya 40.

Nilikuwa na bahati moja: ini langu halikuwa na makovu. Mwenye makovu ya sirosisi hana akiba ya kuchezea. Mlipuko kama wangu unaweza kumjaza maji tumboni au kummaliza, na ndiyo maana yeye kwa kawaida huambiwa dawa ni ya maisha.

Sasa nisikilizeni, maana hapa sitanii. Wapo wanaoruhusiwa kuacha: HBsAg yenyewe ikipotea na kipimo kikirudiwa kuthibitisha, au wengine wachache wasio na sirosisi ambao daktari amewachagua. Hata hao hawaachi wakaenda zao. Hupimwa ALT na HBV DNA kila mwezi au karibu hivyo miezi ya mwanzo, kisha kila miezi mitatu, ili kirusi kikamatwe kabla kinga haijalipuka. Kuacha ni matibabu, nayo yana ratiba. Mimi niliacha bila ratiba.

Ukisahau kidonge kimoja, usitishike, kimeze ukikumbuka, usimeze viwili kwa pamoja. Kama tenofovir inakutia hofu ya figo, sema. Kreatinini hupimwa kwa ajili hiyo na dawa mbadala zipo. Na kama una VVU pia, ukibadilishiwa dawa uliza neno moja tu: "Tenofovir bado imo?" Ikitolewa kimyakimya, homa ya ini B inaweza kubaki bila mlinzi wa kutosha.

Na wewe uliyekwisha kuacha, usirudie vidonge kwa siri ukajifanya hakuna kilichotokea. Nenda wiki hii, sema uliacha lini, upimwe ALT, bilirubini, INR na HBV DNA. Macho yakiwa njano au ukianza kuchanganyikiwa, nenda saa hiyohiyo.

Kaka wa ujumbe aliniambia angeenda Jumatatu. Nikamwambia aende kesho yake. Leo jioni amenitumia picha ya majibu: ALT 71, bilirubini na INR za kawaida, HBV DNA bado inasubiriwa. Vidonge amerudishiwa palepale. Chini ya picha ameandika, "Lakini dada, mbona najisikia vizuri tu?"