Re: Sifoni juu ya ukuta

> Mdomo wa kutokea uko mita 2 chini ya uso wa maji. Kasi naipataje, na kilele kinaweza kupanda hadi wapi kabla maji hayajageuka mvuke?

Ndugu, kwa kasi sahau ukuta kwanza. Tumia Bernoulli kati ya uso wa maji na mdomo wa kutokea: kote kuwili presha ni ya hewa, na uso wa maji karibu umetulia. Inabaki `v = √(2gh)`, yaani √(2 × 9.81 × 2) = 6.3 m/s. Urefu wa kilele haumo kabisa.

Sasa linganisha uso na kilele. Presha ya hewa, 101.3 kPa, inabeba safu ya maji na pia inayapa ile kasi, na lazima ibaki walau presha ya mvuke, 2.3 kPa kwa maji ya nyuzi 20:

`H = (Pa − Pv)/ρg − v²/2g = 10.1 − 2 = 8.1 m`

Wengi hukosea hapa: wanasahau `v²/2g` na kuandika mita 10.1. Hiyo kwa kweli ni kutoka kilele hadi mdomo wa kutokea, kwa bomba la upana mmoja. Ukishusha mdomo mita moja zaidi, kilele nacho kinapungua mita moja.

Maji ya nyuzi 60 yana presha ya mvuke ya 20 kPa hivi, kwa hiyo H inaanguka hadi mita 6.4.

Kwenye bomba halisi, kwa kasi ileile, msuguano wa mguu wa kupandia unapunguza presha ya kilele, kwa hiyo usikaribie kikomo. Ukiona mapovu kileleni na mkondo unakatika-katika, bana mdomo wa kutokea. Kasi ndani ya bomba itashuka na presha ya juu itapanda.