Usigawe nishati ya nyutroni kwa mbili, hesabu kwa logi

Katika miaka niliyofundisha fizikia ya reakta, swali moja limenirudia kuliko mengine. Mwanafunzi amesoma kwamba nyutroni ikigonga kiini cha hidrojeni hupoteza, kwa wastani, nusu ya nishati yake. Anashika kikokotoo, anaanza na elektronivolti milioni 2, yaani nishati ya kawaida ya nyutroni inapotoka kwenye kiini cha urani kilichopasuka. Anagawa kwa 2, anagawa tena, mpaka anafika 0.025, kiwango cha nyutroni iliyopoa na kulingana na joto la chumba. Anapata migongano 26. Kitabu kinasema 18. Anakuja kuniuliza nani kakosea.

Kitabu kiko sahihi, na ile nusu nayo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba wastani wa kujumlisha umetumika mahali penye kuzidisha. Chukua migongano miwili tu: wa kwanza unaiachia nyutroni asilimia 90 ya nishati yake, wa pili unaiachia asilimia 10. Wastani wa hizo mbili ni asilimia 50, na ukitumia nusu mara mbili utasema imebaki robo. Lakini kilichobaki hasa ni 0.9 mara 0.1, yaani asilimia 9. Ule mgongano mkali umefanya kazi kubwa kuliko wastani unavyoonyesha. Ndiyo maana nyutroni hupoa haraka kuliko hesabu ya nusu-nusu.

Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wangu waiache nishati yenyewe na wafuate logi yake asilia. Kwenye logi, kuzidisha kunageuka kujumlisha, na wastani unapata maana. Safari nzima kutoka milioni 2 hadi 0.025 ni mteremko wa mara milioni 80, na logi asilia ya milioni 80 ni 18.2. Kila mgongano na hidrojeni hukata, kwa wastani, 1 kamili kwenye logi hiyo. Gawa 18.2 kwa 1 upate migongano 18. Kiasi hicho kinachokatwa kwa mgongano mmoja huandikwa kwa herufi ξ, na jambo zuri ni kwamba hakibadiliki nyutroni ikiwa na nishati kubwa au ndogo. Kinategemea uzito wa kiini kinachogongwa tu.

Na hapa ndipo wepesi wa kiini unapoingia. Watoto wanaocheza gololi wanalijua hili: gololi ikigonga sawasawa gololi nyingine ya uzito uleule, ya kwanza husimama palepale na ya pili huondoka na mwendo wote. Ikigonga jiwe kubwa hurudi nyuma na mwendo wake karibu uleule. Kiini cha hidrojeni kina uzito unaokaribiana sana na wa nyutroni, hivyo mgongano wa uso kwa uso unaweza kuichukulia nyutroni nishati yote. Kiini kizito hakiwezi, hata mgongano uwe wa uso kwa uso namna gani. Kiini chenye uzito A huiachia nyutroni angalau sehemu hii ya nishati:

```
α = ((A − 1)/(A + 1))²
ξ = 1 + α ln α / (1 − α)
```

Kwa kaboni, A ni 12, α inakuwa 0.716. Yaani hata pigo kali kuliko yote linaiachia nyutroni asilimia 71.6 ya nishati iliyokuwa nayo. ξ yake ni 0.158, na migongano inayohitajika ni kama 115. Kwa deuteri, ile hidrojeni ya maji mazito, ξ ni 0.725 na migongano ni 25. Kwa urani 238, ξ ni 0.0084 tu na migongano inazidi 2,000. Ukiikokotoa hiyo ya urani, usikate tarakimu mapema. Logi ya α ni −0.0168, ukiiandika −0.017 kabla ya kumaliza, ξ yako inatoka chini ya sifuri, jibu lisilowezekana. Kwa viini vizito tumia mkato wa 2/(A + 2/3), unatosha kabisa. Kwa hidrojeni yenyewe fomula inagoma kwa sababu α ni sifuri na logi ya sifuri haipo. Hapo chukua kikomo chake, α ln α inakuwa sifuri na ξ inabaki 1.

Asiyeniamini namwambia ajaribu kwenye kompyuta. Msimbo ni mfupi:

```python
import random

def migongano(a):
    E, n = 2e6, 0
    while E > 0.025:
        E *= random.uniform(a, 1)
        n += 1
    return n

N = 20000
print(sum(migongano(0) for _ in range(N)) / N)
```

Hapa huja swali la pili, na ninalipenda kuliko la kwanza: mashine inatoa karibu 19.2, si 18.2. Msimbo hauna kosa. Nyutroni haisimami juu ya mstari wa 0.025, mgongano wa mwisho huivusha ikatua chini yake. Kwa hidrojeni, mruko huo wa ziada ni 1 kwenye logi kwa wastani, kwa hiyo kilichokatwa kwa jumla ni 19.2, na kila mgongano bado umekata 1 yake. Weka 0.716 badala ya 0 na utaona karibu 116. Ukichapisha pia idadi ya kila nyutroni moja moja, utaona kwa hidrojeni zinatofautiana sana: nyingine hupoa kwa migongano 13, nyingine 25. Wastani haumaanishi kwamba kila moja imepita hatua hizo.

Ukishahesabu hidrojeni peke yake, nenda kwenye maji, maana hakuna reakta inayotumia viini vya hidrojeni vitupu. Usichukue wastani wa kawaida wa hidrojeni na oksijeni. Mpe kila mmoja nafasi katika wastani kwa kadiri anavyogongwa. Hidrojeni mbili za molekuli ya maji hugongwa takriban mara kumi ya oksijeni yake moja, na ξ ya oksijeni ni 0.12, kwa hiyo ξ ya maji inatoka 0.92 na migongano inakuwa 20.

Lakini usichague kipunguza mwendo kwa kutazama ξ peke yake. Hidrojeni hummeza mgeni wake: uwezo wake wa kufyonza nyutroni iliyopoa ni zaidi ya mara 600 ya ule wa deuteri. Ndiyo sababu reakta za Kanada za aina ya CANDU zinaweza kutumia urani asilia yenye asilimia 0.7 tu ya urani 235, kwa kuwa zimejaa maji mazito, ilhali reakta za maji ya kawaida huhitaji urani iliyorutubishwa hadi asilimia 3 hivi au 5. Grafiti nayo, pamoja na migongano yake 115, ilitosha kuendesha reakta ya kwanza ya Fermi huko Chicago tarehe 2 Desemba 1942, mradi isiwe na boroni, kwani chembe kidogo za boroni hunyonya nyutroni kuliko kaboni yote inayoizunguka.

Jambo la mwisho ni mpaka wa fomula yenyewe. Inadhani kiini kimetulia na kiko huru. Chini ya elektronivolti 1 hivi, hayo yote mawili si kweli tena: hidrojeni imefungwa ndani ya molekuli, inatikisika kwa joto, na mgongano unaweza hata kuiongezea nyutroni nishati. Ninapowapa wanafunzi zoezi la kweli, nawaambia wasimame kwenye 1. Logi ya milioni 2 ni 14.5, na kuanzia hapo kwenda chini watumie data ya mtawanyiko iliyopimwa kwenye maji yenyewe.