Frikwensi kukwama 49.6: gavana si mbovu

"Jenereta zetu mbili za kilowati 100 hapa Shela zinafanya kazi pamoja. Mashine za barafu zikiwaka, frikwensi inashuka kutoka hezi 50 hadi 49.6 na kubaki hapo. Gavana imeharibika?"

Hapana kaka, usiifungue. Gavana ni kifaa kinachodhibiti mafuta ya injini ili kasi yake isiyumbe. Huenda mteremko wake, yaani kiasi inachoiacha frikwensi ishuke mzigo unapoongezeka, umewekwa asilimia 4: hezi 2 kutoka mzigo sifuri hadi mzigo kamili. Kila jenereta basi huongeza kilowati 50 kwa kila hezi inayoshuka. Mashine zako zikivuta kilowati 40, jenereta zote mbili hugawana 20 kwa 20, na frikwensi hutulia ikiwa chini kwa hezi 0.4. Huo ndio mwitikio wa kwanza: unazuia kuporomoka, lakini haurudishi 50.

Kurudisha ni kazi ya mwitikio wa pili. Pandisha kidogokidogo kiwango cha kasi cha gavana zote mbili kwa usawa, au funga kidhibiti kinachofanya hivyo chenyewe, polepole kuliko gavana.

Tafadhali usiondoe mteremko kwenye zote mbili bila kifaa cha kugawana mzigo. Zitagombana: frikwensi itaonekana shwari, huku mita ya kilowati ya moja ikipanda na ya nyingine ikishuka.