Mapishi ya mama: kutoka orodha hadi mazungumzo

*Nakusanya mapishi ya mama kwa kitabu cha familia. Ya mahamri yamekatwa hivi: "Changanya vikavu. Tia tui. Kanda. Acha saa 1. Sukuma, kata, kaanga." Nikiyaandika kama mtu anayeongea, yanarefuka na vipimo vinapotea. Nifanyeje?*

Orodha ya viungo usiiguse. Iache juu ya ukurasa na vipimo vyake kwa tarakimu: unga wa ngano nusu kilo, sukari nusu kikombe, hamira vijiko 2 vya chai, iliki kijiko 1 cha chai, tui zito kikombe 1. Anayepika atairudia mara nyingi akiwa na mikono yenye unga, kwa hiyo aione upesi.

Sauti ya mama iingie kwenye hatua, na haiji kwa kuongeza "mpenzi msomaji" kila mstari. Inakaa kwenye vitenzi. "Kanda. Acha." ni amri tupu. "Ukishakanda, ulifunike donge uliache" tayari ni mtu aliyesimama kando yako. Na -ki- ndiyo inayobeba dalili, yaani kile ambacho mama hutazama bila kukiandika. Mwulize: unajuaje kwamba tayari? Jibu lake ndilo la kuandika.

Vikavu vikishachanganywa, hatua za kutia tui, kukanda na kuacha zinaweza kuwa hivi:

"Tui liwe vuguvugu tu, ukitia kidole usiungue, maana likiwa la moto sana litaua hamira. Basi limimine kidogo kidogo huku ukichanganya, na donge likishashikana usitie zaidi, hata kama kikombe hakijaisha. Sasa kanda kama dakika 10, mpaka liache kunata mikononi. Lifunike, uliache saa 1. Siku ya baridi litachelewa, kwa hiyo usiiamini saa peke yake: libonyeze kwa kidole. Alama ikirudi upesi, bado. Ikirudi taratibu, sukuma."

Angalia tahadhari ya tui ilipokaa: kabla ya kumimina. Hapa ndipo maandishi ya maongezi huharibika zaidi, kwa sababu tukiongea hukumbuka baadaye: "mimina tui, lakini lisiwe la moto." Anayefuata mstari kwa mstari ameshalimwaga.

Kila sentensi ya ziada iwe na kazi: ieleze sababu, dalili au namna ya kuokoa kilichoharibika. Kwenye kukaanga, "tupia kipande kidogo cha donge, kikipanda juu kikitoa povu, mafuta tayari" inafaa. Sifa za utamu wa mahamri zihamishie kwenye utangulizi wa mistari miwili, pamoja na habari za nani alipenda kuyala na mbaazi.

Ukimaliza, mpe kijana ambaye hajawahi kuyapika ayapike kwa kusoma tu, nawe unyamaze. Kila anapogeuka kukuuliza kitu, weka alama hapo. Panakosa dalili au kipimo.