Ukirekodi video ya kusajili jina la biashara, ishia mezani kwa msajili

Hapa Mtwara wanaoniomba niwaonyeshe usajili wengi ni wabanguaji wadogo wa korosho na mama lishe, na simu ndiyo kompyuta yao. Kwa hiyo video zangu ni rekodi ya skrini ya simu, kila hatua na kipande chake kifupi. Ukurasa wa BRELA, wakala wa serikali anayesajili majina ya biashara, ukibadilika, narekodi kipande kimoja tu upya. Mwezi na mwaka wa kurekodi naviandika mwanzoni.

Tumchukue dada anayekaanga na kufungasha korosho Ligula. Kipande cha kwanza ni kufungua akaunti kwenye ors.brela.go.tz kwa namba ya NIDA. Cha pili ni kutafuta kama jina analolitaka limeshachukuliwa. Hapa nasema wazi: kutoliona jina kwenye orodha hakumaanishi limekuwa lako. Msajili anaweza kulikataa kwa kufanana mno na jingine, kwa hiyo usikimbilie kuchapisha vifungashio.

Kipande ninachokipa muda zaidi ni cha kuchagua shughuli. Mfumo unatumia ISIC, orodha ya kimataifa ya kupanga shughuli za kiuchumi, na kwenye orodha hiyo kutengeneza chakula na kuuza rejareja ni makundi mawili tofauti. Dada yetu anakaanga mwenyewe, halafu anauza. Akichagua uuzaji peke yake, nusu ya kazi yake haionekani kwenye maombi. Video imwonyeshe anavyosoma maelezo ya kila kundi, isimpe tu namba ya kunakili, maana hiyo namba haimfai jirani yake anayenunua na kuuza tu.

Kisha anapakua fomu iliyotolewa na mfumo, anaisaini, anaipandisha tena, ndipo anapata kontroo namba ya kulipia. Funika namba hiyo kwenye video kama unavyofunika ya NIDA. Kila ombi lina yake, na mtu akinakili unayoionyesha analipia ombi la mwingine. Ada isomwe kwenye bili ya mwombaji mwenyewe.

Mwisho onyesha mahali pa kufuatilia hali ya ombi, na ueleze kwamba linaweza kurudishwa lirekebishwe. Usiseme "baada ya hapo unapata cheti". Sema "ombi limefika kwa msajili, uamuzi ni wake".

Swali halikosekani: "Kaka, nikimaliza hapa nitapata mkopo?" Jibu langu ni kwamba video hii ni ya jina tu. Jina lililosajiliwa si kampuni wala si leseni. TIN inatolewa na TRA, leseni ya biashara hii ndogo inaombwa halmashauri, chakula kilichofungashwa kina taratibu zake TBS, na mkopo benki wana vigezo vyao. Hayo nayataja kwa sentensi moja moja, kisha nazima rekodi.