Hakimu si jaji, na Mama Askofu si askofu

Mwaka ule tulipokuwa tukichangisha pesa za kujenga ukumbi wa kanisa letu huku Kawangware, mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati. Nikapewa barua nne za mwaliko niandike: ya jaji wa Mahakama Kuu, ya waziri, ya askofu na ya chifu. Niliziandika kwa usiku mmoja, nikajiona bingwa. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na msaidizi wa jaji. Aliniuliza kwa upole, "Ndugu katibu, barua hii ni ya nani? Hapa hakuna hakimu."

Nilikuwa nimeandika "Kwa Mheshimiwa Hakimu". Nyumbani kwetu kila anayekata kesi ni hakimu, hata kwenye hadithi za sungura. Lakini katika mahakama za Kenya hakimu ni wa mahakama za chini. Kuanzia Mahakama Kuu kwenda juu, yaani Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu, anayeketi ni jaji. Ukimwita jaji hakimu umemshusha ngazi, na ukimwita hakimu jaji atadhani unamtania. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, uliza anaketi mahakama gani. Kadhi naye ni Mheshimiwa Kadhi, si hakimu wala jaji.

Barua niliiandika upya hivi. Kwenye anwani: Mhe. Jaji, kisha jina lake kamili, chini yake Mahakama Kuu ya Kenya, Milimani, Nairobi. Salamu ikawa "Mheshimiwa Jaji," bila jina. Ndani ya barua nikatumia "Mheshimiwa" peke yake, tena mara mbili tu. Kila sentensi ikianza na Mheshimiwa, barua inanuka kujipendekeza. Mahakamani vilevile Mheshimiwa latosha. Mwaka 2011 Jaji Mkuu Willy Mutunga alitaka mawakili waachane na ule mtindo wa Kiingereza wa kumwita jaji bwana wangu, watumie Mheshimiwa. Wengi bado wanashikilia ule wa zamani, lakini kwa Kiswahili haujawahi kukaa vizuri mdomoni.

Barua ya waziri ilikuwa na mtego mwingine. Katiba ya 2010 ilibadilisha jina la Kiingereza la cheo hicho, na mwenzangu mmoja kwenye kamati alitaka tulitafsiri neno kwa neno: "Katibu wa Baraza la Mawaziri". Tungefanya hivyo tungemwalika mtu mwingine kabisa, kwa sababu katibu wa baraza hilo yupo na ana ofisi yake. Kila idara ya wizara pia ina Katibu wake, aliye chini ya waziri. Mwandikie Mheshimiwa Waziri, utaje wizara, basi.

Askofu wetu ni Mkatoliki, hivyo kwenye bahasha niliandika Mhashamu Askofu na jina lake. Mwadhama ni wa kadinali, kama alivyokuwa marehemu Maurice Otunga wa hapa Nairobi. Usimpe askofu kwa kutaka kumfurahisha. Mhashamu ni neno la karatasi na la kufungulia hotuba. Ukisalimiana naye mlangoni, mwite Baba Askofu. Shida huja askofu akiwa mwanamke, kama Rose Okeno wa Kanisa la Kianglikana kule Butere, aliyewekwa wakfu mwaka 2021. Watu hukimbilia "Mama Askofu", lakini kwa mazoea ya makanisa mengi huyo ni mke wa askofu. Sema Askofu na jina lake, hutakosea. Mama Chifu ana utata uleule.

Chifu nilimwandikia Bwana Chifu nikataja kata yake, na hapo sikukosea. Nilimkosea siku yenyewe. Niliposimama kufungua hotuba nilianza vizuri: Mheshimiwa Waziri, mgeni wetu wa heshima, Mheshimiwa Jaji, Mhashamu Baba Askofu. Kisha nikaona jua linachoma watu, nikamalizia, "itifaki imezingatiwa." Nilipaswa kuongeza maneno machache tu: Bwana Chifu na wazee wa mtaa. Itifaki imezingatiwa inafaa pale wageni wote wameshatajwa na mfawidhi. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kushika kipaza sauti, na wazee wa mtaa ndio waliopita nyumba kwa nyumba kuwaleta wale watu.

Kwa kuwa wanaozungumza huanzia chini kwenda juu, na mgeni wa heshima humaliza, chifu alipewa nafasi mara tu baada yangu. Akaamka polepole, akarekebisha kofia yake. "Hamjambo," akasema. "Mimi ndiye ile itifaki iliyozingatiwa."

Waziri alicheka kuliko watu wote.