Saa ya babu yenye mwezi, taji na kindege

"Wakuu, nimerithi saa ya mfukoni ya babu. Ndani ya kifuniko kuna 0,800, mwezi mwandamo, taji na kindege kidogo. Mjomba anasema ni ya Mjerumani. Nitajuaje ni ya wapi na ya lini?"

Mkuu, sisi tunayo ya aina hiyo hapa Dar, ya marehemu babu mkubwa, na nyumbani kwetu nayo iliitwa saa ya Mjerumani. Kilichobadilisha habari ni hicho kindege.

Mwezi na taji ni alama ya sheria ya Ujerumani iliyoanza 1888, na 0,800 maana yake ni sehemu 800 za madini ya fedha katika 1000. Kindege, wa porini kule Ulaya na anayefanana na kwale mkubwa, ni alama ya serikali ya Uswisi kwa fedha ya kiwango hichohicho. Kasha lenye zote mbili limekaguliwa Uswisi, likakusudiwa soko la Ujerumani. Kiangalie vizuri kwa lenzi ya fundi saa, mwanga ukitokea ubavuni, kwa sababu akiwa ni dubu basi kiwango ni 0,875. Kindege kilianza kutumika 1882, hivyo kasha lako, likiwa na alama zote mbili, ni la 1888 au baadaye.

Ili kupunguza miaka hiyo, fungua mpaka kwenye mashine. Yetu ina kifuniko cha pili cha ndani kilichoandikwa kwa Kifaransa "Remontoir Cylindre 10 Rubis": inajazwa kwa kuzungusha kichwa kilichotokeza ubavuni badala ya ufunguo, ina vito 10, na meno ya gurudumu la mwisho yanagusa moja kwa moja mhimili wa mizani, yaani lile gurudumu linaloyumba huku na huko, bila kile kiwiko cha katikati kinachoonekana kwenye saa bora zaidi. Saa za namna hiyo zilikuwa za bei nafuu, na mtindo wake ulikuwa wa zamani tayari. Hilo linaivuta kuelekea miaka ya mwanzo, ingawa peke yake halitoshi.

Alama za kasha huzungumzia kasha tu. Mashine huhamishwa, kwa hiyo hakikisha uso wa saa umejaa vizuri, mhimili wa kichwa umekaa katikati ya tundu lake, na hakuna matundu ya skrubu yasiyo na kazi. Namba ndefu kwenye kifuniko kwa kawaida ni ya kasha. Usiisome kama mwaka.

Usikubali saa ing'arishwe kwanza. Fundi mmoja Kariakoo aliisugua yetu kwa mashine, nusu ya taji ikafutika, na bado inaniuma. Kwa bahati hakugusa upande wa ndani wa kifuniko cha pili. Huko fundi wa zamani alikuwa amekwaruza kwa sindano "12.8.11", tarehe ya matengenezo. Mwaka 1911 saa ilikuwa tayari imeshatumika na kuharibika, kwa hiyo yetu ni ya kati ya 1888 na 1911. Tafuta mikwaruzo kama hiyo kwenye yako, uipige picha kabla hujampa fundi yeyote.